Kati ya Shimo na Shimo

Mto Meuse unaanzia Ufaransa, unakatiza Ubelgiji na kupita Liège, eneo lililokuwa na viwanda vya zinki tangu karne ya 19, kisha unaingia kusini mwa Uholanzi, ambako wenyeji wanauita Maas. Unapofurika karibu na kijiji cha Stein, huacha tope kwenye mabonde ya kando, na tope hilo hubeba zinki, risasi, shaba na kadimi kutoka huko juu. Watafiti waliwahi kuchota udongo wa juu katika sehemu 155 za bonde hilo. Kila sampuli ilikuwa mchanganyiko wa udongo wa kipande cha takribani mita 15 kwa 15. Maabara ilipomaliza kazi yake, sampuli iliyokuwa na zinki kidogo kuliko zote ilikuwa na miligramu 113 kwa kilo ya udongo, na iliyozidi zote ilikuwa na 1,839.

Namba hizo leo zinatumika duniani kote kufundishia wanaojifunza ramani za udongo, nami nilizipitia kama wengine. Swali lake ni jepesi kulitaja. Mtu mwenye bustani ya mboga mahali ambapo hakuna aliyechimba, kati ya shimo na shimo, tumwambie udongo wake una zinki kiasi gani? Na la pili, ambalo huulizwa mara chache: tunalijua hilo kwa uhakika gani?

Jibu la haraka ni kuchukua mashimo ya jirani na kupiga wastani, yaliyo karibu yakipewa uzito zaidi. Mbinu hiyo inafanya kazi, lakini ina upofu mmoja. Chukua mfano wa mashimo matatu. Shimo A liko mita 200 magharibi mwa bustani. Mashimo B na C yako mita 200 mashariki, ila yenyewe yametengana kwa mita 20 tu. Kwa kuwa yote matatu yako umbali uleule kutoka bustanini, kila moja litapewa theluthi. Lakini B na C ni kama mashahidi wawili waliosimama dirisha moja. Wanachosema karibu ni kitu kimoja. Upande wa mashariki umepewa kura mbili kwa habari ya mtu mmoja na robo.

Aliyeanza kulishughulikia tatizo la namna hii kwa hesabu alikuwa mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, Danie Krige. Mwaka 1951, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alieleza jinsi makadirio ya dhahabu kwenye vipande vya mwamba yalivyokuwa yakipotosha: kipande kilichoonekana tajiri kwa sampuli zake, kikichimbwa, kwa kawaida kilitoa dhahabu pungufu ya ilivyotarajiwa, na kilichoonekana maskini kilitoa zaidi. Mfaransa Georges Matheron aliichukua kazi hiyo, akaijengea nadharia kamili, na mbinu akaipa jina la Krige. Kwa Kiswahili tuiite krigi. Inachofanya ni kuuliza kwanza jambo ambalo wastani wa kawaida hauulizi: katika bonde hili, kwa kitu hiki kinachopimwa, ujirani unafika umbali gani?

Jibu la swali hilo huitwa variogramu, na hutengenezwa hivi. Sampuli 155 zikipangwa mbili mbili kwa kila namna inayowezekana hutoa jozi 11,935. Kwa kila jozi unajua umbali kati ya mashimo na tofauti ya zinki yake. Unapandisha tofauti kwa mraba, unagawa kwa mbili. Kisha unakusanya jozi zenye umbali unaokaribiana katika kundi moja, na kupata wastani wa kundi. Wastani huo wataalamu huuandika kwa herufi ya Kigiriki, gama. Gama ndogo maana yake mashimo yaliyotengana kwa umbali huo yanafanana. Gama kubwa, hayafanani.

Kabla ya hapo kuna hatua ndogo isiyostahili kurukwa. Wastani wa zinki ya Meuse ni karibu 470, lakini sampuli ya katikati, ukizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, ina 326. Sampuli chache zenye zinki nyingi mno zinavuta kila kitu kuelekea kwao, na ukipandisha tofauti zao kwa mraba zitaimeza variogramu nzima. Kwa hiyo kila thamani hubadilishwa kwanza kuwa logi asilia yake. Kuanzia hapa gama zote ni za logi.

Jozi za Meuse zinasimulia hivi. Kundi la kwanza, lenye umbali wa wastani wa mita 79, lina gama ya 0.12. Mita 164, gama 0.22. Mita 267, gama 0.30. Inaendelea kupanda: 0.46 karibu na mita 480, 0.65 karibu na mita 900. Baada ya hapo kupanda kunakwisha. Inayumba kati ya 0.57 na 0.70 bila mwelekeo. Yaani ukivuka takribani mita 900, shimo halikuambii tena lolote la pekee kuhusu shimo jingine.

Lakini krigi haiwezi kutumia vitone hivyo kama vilivyo. Inahitaji mstari laini unaotoa gama kwa umbali wowote, na si mstari wowote tu. Ukijichorea wa kwako kwa mkono, hesabu inaweza kukuletea variansi hasi, kitu kisichoweza kuwapo, sawa na kusema mtu ana urefu wa chini ya sifuri. Ndiyo maana watu huchagua kutoka familia chache za modeli zilizothibitishwa kuwa salama. Zinazotumika zaidi kwenye udongo ni tatu: ya tufe, ya kipeo na ya Gausi.

Kwa Meuse, modeli ya tufe inakaa vizuri juu ya vitone, nayo ina namba tatu tu. Ya kwanza ni pale mstari unapoanzia kwenye umbali wa karibu sifuri: 0.05. Waliotoka kwenye migodi waliiita punje, kwa sababu ya punje za dhahabu: unaweza kuchukua mawe mawili yaliyogusana, moja likawa na punje na jingine likawa tupu. Ya pili ni dari, pale mstari unapotulia: 0.64. Ya tatu ni masafa, umbali wa kufika darini: mita 897.

Namba hizo zinaweza kurudishwa kwenye lugha ya shamba. Punje ya 0.05 maana yake ni kwamba sampuli mbili zilizochukuliwa karibu pamoja bado zitatofautiana, kwa kawaida, kwa kiasi cha mara 1.4: moja 300, nyingine 410. Sehemu ya tofauti hiyo ni makosa ya maabara, sehemu ni udongo wenyewe unaobadilika ndani ya hatua chache. Dari ya 0.64 ni kwamba sampuli mbili zisizo na ujirani wowote hutofautiana kwa kawaida kwa mara tatu hivi. Kila kitu krigi inachoweza kukupa kiko kati ya 1.4 na 3.

Modeli zinatofautiana zaidi mwanzoni mwa mstari, na bahati mbaya hapo ndipo ushahidi ulipo mdogo. Kundi la kwanza la Meuse lina jozi 57 tu, wakati la pili lina 299. Desturi ya wataalamu ni kutoamini sana kundi lenye jozi chini ya 30. Modeli ya tufe na ya kipeo zote hupanda moja kwa moja tangu mwanzo, kama inavyotarajiwa kwa udongo unaobadilika kwa ghafula hapa na pale. Ya Gausi huanza kwa kutambaa chini karibu mlalo, ikidai kwamba kitu kinachopimwa ni laini mno, kama kimo cha maji ya chini ya ardhi. Kompyuta ikiachwa ichague kwa kuangalia tu mstari upi unapita karibu zaidi na vitone, wakati mwingine huchagua Gausi. Ikiwa imechaguliwa bila punje, hesabu inakaribia kukwama: mashimo ya jirani hupewa uzito mkubwa wa chanya na hasi unaopingana, na ramani hutoa zinki iliyozidi sampuli zote zilizowahi kupimwa, mahali ambapo hakuna sababu. Ukiona hivyo, usianze kutafuta kiwanda kilichofichika; rudi kwenye variogramu.

Kuna mtego mwingine wa kusoma tu. Katika programu nyingi, namba ya masafa ya modeli ya kipeo si umbali wa kufika darini, kwa kuwa mstari wake haufiki kamwe, unakaribia tu. Inabidi uizidishe kwa tatu hivi kupata umbali ambao ujirani kwa vitendo umekwisha. Nimewahi kusoma ripoti iliyolaumu udongo kwa kuwa na ujirani mfupi, kumbe mwandishi hakuzidisha.

Na variogramu ikiwa bapa tangu kitone cha kwanza? Basi sampuli zako ziko mbali kuliko ujirani wa udongo wenyewe. Krigi itakupa karibu wastani uleule kila mahali, na hilo ndilo jibu sahihi kwa sampuli ulizonazo.

Turudi bustanini, sasa tukiwa na variogramu ya Meuse. Krigi huweka sharti moja, kwamba uzito wa mashimo yote ujumlishe kuwa moja, kisha hutafuta uzito utakaofanya kosa linalotarajiwa liwe dogo kuliko yote. Inaangalia umbali wa kila shimo hadi bustanini, na pia umbali wa shimo hadi shimo. Nilipolifanya kwa mkono, na ni karatasi moja tu, A lilipata asilimia 48, B na C asilimia 26 kila moja. Wale mashahidi wa dirisha moja wamelazimika kugawana kura. Hawakugawana nusu kwa nusu kabisa, na sababu ni punje: kwa kuwa kila sampuli ina kelele zake, kuwa na mbili mahali pamoja kunasaidia kidogo kuipunguza. Ukiifuta punje kwenye modeli, B na C hushuka na A hukaribia asilimia 49. Ukifanya gama yote iwe punje, zote tatu zinarudi kwenye theluthi. Hivyo variogramu ndiyo iliyoamua.

Tuseme A ina zinki 1,000, B ina 300 na C ina 320. Wastani wa theluthi, ukifanywa kwa logi na kurudishwa, ungesema bustani ina karibu 458. Krigi inasema 543. Kisha inaongeza kile ambacho wastani hauna: variansi ya krigi, ambayo hapa ni 0.27. Ukiigeuza kuwa mipaka ya asilimia 95, kwa sharti kwamba makosa yametawanyika kwa umbo la kengele, bustani iko kati ya 196 na 1,500. Mpana mno? Ndiyo. Mashimo matatu yaliyo mita 200 hayawezi kukupa zaidi. Angalia pia kwamba 543 iliyorudishwa kutoka kwenye logi ni thamani ya katikati. Wastani unaotarajiwa uko juu yake, na anayejumlisha zinki ya bonde zima akilisahau hilo atapata pungufu.

Sasa, kuna jambo kuhusu variansi hiyo linalowashangaza wengi. Kwenye hesabu yake, zinki ya A, B na C haikuingia popote. Kilichoingia ni umbali na variogramu tu. Mashimo matatu yangekuwa na thamani zinazokaribiana au zinazopishana vikali, mipaka kwenye logi ingekuwa ileile. Kwa hiyo variogramu ikikosewa, mipaka yote ya ramani imekosewa, na ramani yenyewe haitaonyesha dalili.

Hapo ndipo uthibitishaji mtambuka unapoingia. Unaficha shimo moja, unaikadiria zinki yake kwa kutumia 154 yaliyobaki, unalinganisha na ya maabara, unalirudisha shimo, unaficha linalofuata. Kuficha ni lazima. Krigi ya kawaida hupita juu ya kila sampuli iliyopewa bila kukosea hata chembe, kwa hiyo anayelinganisha ramani na sampuli zilezile zilizoitengeneza atapata kosa la sifuri na kujipongeza bure. Katika programu ya `R`, ikiwa na kifurushi cha `gstat`, kazi yote ya Meuse ni hii:

```r
library(sp)
library(gstat)
data(meuse)
coordinates(meuse) <- ~x+y
v  <- variogram(log(zinc) ~ 1, meuse)
m  <- fit.variogram(v, vgm(1, "Sph", 900, 1))
cv <- krige.cv(log(zinc) ~ 1, meuse, m)
mean(cv$residual)
sqrt(mean(cv$residual^2))
mean(cv$zscore^2)
```

Mistari mitatu ya mwisho ndiyo ya kuangalia. Wa kwanza ni wastani wa makosa, yakiwa na alama zake za kujumlisha na kutoa. Ukiwa mbali na sifuri, ramani inaegemea upande mmoja. Mara nyingi unakuwa karibu na sifuri hata kwa modeli mbovu, basi usikae hapo sana. Wa pili ni ukubwa wa kawaida wa kosa. Huu ndio watu wanaoupenda, na ndio wanaouweka kwenye majedwali: wanajaribu modeli tano, wanachagua yenye namba ndogo, wanafunga kazi.

Jaribu hiki uone tatizo. Chukua modeli ya Meuse, uzidishe punje na dari kwa nne, masafa uyaache. Punje sasa ni 0.2, dari 2.56, mambo ambayo vitone vya variogramu vinayakataa waziwazi. Rudia kila kitu. Ramani haitabadilika popote. Bustani bado ina 543. Ukubwa wa kosa utakuwa uleule hadi desimali ya mwisho, kwa sababu uzito wa mashimo unategemea uwiano wa gama, si ukubwa wake. Lakini variansi imezidishwa kwa nne, na mipaka ya bustani, iliyokuwa 196 hadi 1,500, sasa ni 71 hadi zaidi ya 4,100. Yule mtu wa mboga ameambiwa karibu kila kitu kinawezekana. Na ukigawa kwa nne badala ya kuzidisha, ataambiwa kwa ujasiri mipaka finyu ambayo haina msingi.

Ni mstari wa tatu unaolikamata kosa hili. Unachukua kila kosa, unalipandisha kwa mraba, unaligawa kwa variansi ambayo krigi yenyewe ilitabiri kwa shimo hilo, kisha unapata wastani. Ikiwa krigi inajua ukubwa wa makosa yake, jibu ni karibu 1. Modeli iliyozidishwa kwa nne italeta robo ya jibu la awali. Jibu la 0.25 ni la ramani inayojishuku kupita kiasi. Jibu la 3 ni la ramani inayojiamini kuliko inavyostahili, na hiyo ndiyo ya hatari. Sampuli moja au mbili za ajabu zinaweza kuuvuruga wastani huo, kwa hiyo wenye uzoefu hutazama pia thamani ya katikati ya zile namba 155. Makosa yakiwa na umbo la kengele na modeli ikiwa sawa, ya katikati inapaswa kuwa karibu 0.455. Wastani wa 1 wenye katikati ya 0.2 unakuambia kwamba shimo moja au mawili ndiyo yaliyobeba hesabu nzima, na ni vyema ukayatafute kwenye ramani kwa majina yake. Mara nyingine ni zinki ya kweli, mara nyingine ni karani aliyeweka sifuri ya ziada.

Uthibitishaji huu una mpaka wake. Unapima makosa pale tu palipo na mashimo. Sampuli zikiwa zimechukuliwa kwa mafungu kando ya barabara, kila shimo linalofichwa linabaki na jirani wa karibu wa kuliponya, na kosa dogo utakalolipata ni la kando ya barabara. Katikati ya pori halikuhusu. Dawa ni kuficha fungu zima kwa pamoja, si shimo mojamoja.

Kwa Meuse kuna jambo moja zaidi, ambalo macho huliona kabla ya kompyuta: zinki inapungua kadiri unavyouacha mto. Hiyo ni habari ambayo variogramu yetu ya kwanza iliibeba ndani yake kama ujirani tu. Ukiieleza logi ya zinki kwanza kwa kipeuo cha pili cha umbali kutoka mtoni, kisha ukatengeneza variogramu ya mabaki, mabaki hayo yanakaa vizuri kwenye modeli ya kipeo: punje 0.06, dari 0.23 kwa jumla, na namba ya masafa 340, ambayo kwa vitendo ni kama kilomita moja. Punje karibu haikuguswa. Dari ndiyo iliyoporomoka kutoka 0.64 hadi 0.23, kwa sababu sehemu kubwa ya kile tulichokiita ujirani wa udongo ilikuwa ni mto.

Ramani ya pili inafuata kingo za maji, wakati ya kwanza ilikuwa na madoa ya mviringo kuzunguka mashimo. Mipaka ya bustani nayo hupungua, hasa pale mashimo yalipo machache lakini umbali wa mto unajulikana kila mahali. Mstari wa tatu unahitaji kuendeshwa upya kwa modeli hii mpya, kwa sababu 1 iliyopatikana kwa ramani ya kwanza ilikuwa ya ramani ya kwanza.